Dumu la Mafuta: Tulioshe au Tuliuze?

Dumu la mafuta ya kupikia linapokwisha tunajiuliza: tulioshe tulitumie tena, au tumuuzie mnunuzi wa plastiki likayeyushwe? Wengi wetu hudhani ni mamoja, kwa kuwa njia zote mbili huliepusha na jalala. Kumbe tofauti ni kubwa.

Hebu tulifuate dumu lililouzwa. Hubebwa kwa gari hadi kiwandani. Huko hutengwa kwa aina, kwani plastiki za aina mbalimbali haziyeyuki vizuri pamoja. Kisha husagwa vipande vidogo, huoshwa, hukaushwa, na kuyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 130. Kazi hizo hula umeme, maji na dizeli, na plastiki kiasi hupotea njiani. Inayobaki hupungua ubora, hivyo mara nyingi hufanywa ndoo au mabomba, wala si dumu la chakula. Dumu tunaloliosha nyumbani hudai maji na sabuni tu. Umbo lake tayari linalo.

Tupige hesabu. Tuseme familia hutumia lita 5 za mafuta kwa mwezi, na dumu tupu lina uzito wa gramu 200. Kwa mwaka ni madumu 12, yaani kilo 2.4 za plastiki. Hata yote yakiyeyushwa, bado ilibidi madumu 12 yatengenezwe. Lakini mama anayekwenda na dumu lake dukani kupimiwa mafuta ametumia gramu 200 tu. Zile kilo 2.2 hazikuhitajika kabisa.

Tuangalie sharti moja: faida hiyo hupatikana pale tu dumu la zamani linapochukua nafasi ya jipya. Madumu 10 yaliyorundikwa uvunguni hayajaokoa kitu. Hayo ndiyo ya kuuza.

Kwa upande wa afya, tulioshe dumu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Brashi isipopita mdomoni, tutie kiganja cha mchele mbichi na maji ya sabuni, tutikise kwa nguvu, tusuuze, kisha tuliinamishe likauke kabisa. Mabaki ya mafuta ya zamani huharibu upesi mafuta mapya. Tuliweke mbali na jua, maana jua hulifanya likatike.

Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu tusilitumie kamwe kwa chakula wala maji ya kunywa, hata tulioshe mara ngapi, kwani sumu hupenya ndani ya plastiki yenyewe. Na la mafuta ya kula likianza kupasuka, likijaa mikwaruzo ndani, au likibaki na harufu kali baada ya kuoshwa, kazi yake jikoni imekwisha. Hapo ndipo tumwite mnunuzi.