Umeghairi kazi uliyokubali? Usiwe ‘mteja’, sema mapema

Tuseme umehitimu uhasibu na umetafuta kazi miezi minane. Jumatatu, kampuni moja Nakuru inakupa ofa ya Sh36,000 kwa mwezi. Unatia saini, unatuma nambari yako ya KRA, unaambiwa uripoti Jumatatu ijayo. Jumatano jioni, kampuni ya Nairobi iliyokuhoji zamani inapiga simu: nafasi ni yako, Sh55,000.

Hapo vijana wengi hufanya kosa lile lile. Wanazima simu. Jumatatu inafika, meza iko tayari, mfanyakazi hayupo, na kila anayempigia anaambiwa mteja hapatikani. Wengine wanasingizia matanga au malaria, wakijua hawatarudi.

Kubadilisha nia si dhambi. Dhambi ni kumwacha mtu akikungoja. Huko Nakuru, wenzako waliohojiwa nawe wanaandikiwa kwamba nafasi imejazwa. Ukisema Alhamisi, aliyekuwa wa pili anaweza kuitwa kabla hajapata kwingine. Ukinyamaza hadi Jumatatu, nafasi huanza kutangazwa upya, na jina lako linabaki kwa mtu ambaye huenda ukakutana naye tena kwenye mahojiano mengine.

Lakini kabla ya kusema lolote Nakuru, hakikisha Nairobi ni kweli. Simu si barua. Omba ofa iliyoandikwa, yenye mshahara, tarehe ya kuanza na saini. Isome kama kuna masharti: “kutegemea ripoti za wadhamini”, au “baada ya vipimo vya afya”. Ikiwa sharti bado halijatimizwa, ofa hiyo inaweza kuyeyuka, nawe ubaki mkono mtupu. Waambie wa Nairobi waziwazi kwamba una kazi unayopaswa kuanza Jumatatu, hivyo unahitaji barua kufikia kesho adhuhuri.

Kisha rudi kwenye barua ya Nakuru utafute kipengele cha notisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kipindi cha majaribio unaweza kukatizwa kwa notisi ya angalau siku saba, au kwa mwajiri kumlipa mfanyakazi mshahara wa siku hizo. Kwa Sh36,000, hiyo ni takriban Sh8,400. Waajiri wengi hawamfuati mtu ambaye hajaanza kazi, ila usibahatishe. Jua ulichotia saini. Na kama walikutumia hela ya kuhama au wakakupa kipakatalishi, hivyo virudi, wasikuombe.

Barua ya Nairobi ikifika, piga simu Nakuru siku iyo hiyo, saa za kazi. Mtafute aliyekupa ofa, si karani wa mapokezi. Sema: “Samahani, nina habari ambayo si nzuri kwenu. Nimeamua kutoichukua ile nafasi. Nimeona niwaambie mapema kabla ya Jumatatu. Ninawatumia barua sasa hivi.” Atakasirika pengine. Msikilize, usibishane.

Barua pepe ifuate ndani ya saa moja, ili kuwe na rekodi. Iwe fupi:

“Kwa Meneja wa Ajira,

Nilikubali nafasi ya mhasibu msaidizi kwa barua niliyotia saini Jumatatu. Nasikitika kukujulisha kwamba ninaondoa kukubali kwangu na sitaripoti kazini Jumatatu ijayo. Nimepata nafasi nyingine inayolingana zaidi na mipango yangu.

Naomba radhi kwa usumbufu, hasa kwa kuwa mlikuwa mmeanza matayarisho. Iwapo kuna jambo la notisi au stakabadhi la kukamilisha, niko tayari.

Asante kwa muda na imani yenu.”

Angalia sentensi ya pili. Haina “nadhani” wala “labda”. Ukiandika “ninafikiria upya”, umefungua mlango wa mazungumzo, na watakungoja. Sababu nayo ni sentensi moja tu. Usitaje mshahara wa Nairobi wala jina la kampuni, na usiikosoe Nakuru. Uongo usiuguse: Kenya ni ndogo, na picha yako ya siku ya kwanza kazini itaonekana mtandaoni.

Je, wakikuongeza hadi Sh50,000? Amua jibu kabla ya kupiga simu. Kama ni pesa tu iliyokuhamisha, ungewauliza kwanza kabla ya kuwaambia unaondoka. Ukiyumba sasa, utakuwa umevunja ahadi mara mbili kwa wiki moja, huku na kule.

Na ukishatuma, usiitie saini ofa ya tatu. Mara moja inaeleweka, watu hupata nafasi bora. Ikizoeleka, neno lako halitakuwa na uzito, na hakuna barua itakayolirekebisha.