Ukifuta barua pepe, inakwenda wapi?

Na Rehema Mbarouk, safu ya Jumamosi

Jirani yangu anayeuza vitambaa alianza kupigiwa simu na wateja: barua pepe wanazomtumia zinarudi. Akaunti yake ya Gmail ilikuwa imejaa. Zile GB 15 za bure si za barua peke yake, picha za Google Photos na mafaili ya Drive hukaa humo humo. Zikiisha, hutumi wala hupokei.

Nilimkuta na simu mkononi, anatiki barua mojamoja. Kazi hii ni ya kompyuta. Tukafungua Gmail kwenye kivinjari na kuandika mahali pa kutafutia:

```
from:facebookmail.com before:2022/01/01
```

Zikaja arifa zote za Facebook za kabla ya mwaka 2022. Ukitiki kiboksi cha juu, umechagua zilizo kwenye ukurasa huo tu, kwa kawaida 50. Lakini hapo hapo hutokea maneno "Select all conversations that match this search". Usipoyabofya, utafuta hamsini hamsini mpaka Idi. Kisha bofya alama ya pipa la taka. Archive iache, hiyo huziondoa tu machoni.

Kwa arifa na matangazo sina huruma. Kwa barua za watu, taratibu. Gmail huunganisha barua na majibu yake kuwa mazungumzo mamoja, hivyo ukifuta za zamani za mtu anayekuletea mzigo, barua yake ya juzi iliyojibu ile ya mwaka 2019 huondoka nayo. Nenda kwanza kwenye Settings uzime Conversation view, kila barua isimame peke yake.

Tulipomaliza, nafasi ilikuwa ile ile. Barua zilikuwa zimehamia Trash, ambako hukaa siku 30 na bado huhesabiwa. Spam nayo ni hivyo hivyo. Kama akaunti haijajaa, mimi ningeziacha siku hizo zipite, maana bado unaweza kuokoa risiti iliyoponyoka. Yeye hakuwa na muda huo. Tukatafuta `in:trash has:attachment`, tukapitia viambatisho, ndipo tukabofya "Empty Trash now", na kwenye Spam "Delete all spam messages now". Baada ya hapo huwezi kuzirudisha.

Hata hivyo, wingi si uzito. Arifa 6,000 zenye KB 50 kila moja ni kama MB 300 tu, haba mbele ya GB 15. Mzigo wenyewe tuliupata kwa `larger:10M`: video za vitambaa alizotumiwa miaka na miaka. Alizokwisha kuzihifadhi kwenye kompyuta tukazifuta, tukarudi tena Trash kuimwaga, na kipimo cha nafasi bado kilichukua muda kushuka.