Mizani Haitoshi: Mstari Mmoja wa Kitabu cha Harusi

Ukumbi ulikuwa Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, mahali ambapo mshehereshaji hulazimika kunyamaza kila ndege inapopita. Mlangoni paliwekwa meza, na juu yake kitabu cha kumbukumbu na kalamu moja ya wino. Kwa kuwa najulikana kuwa na mazoea ya kutunga, niliambiwa: “Wewe utuandikie kitu.” Nami, kwa kiburi kidogo cha mtu wa mizani, niliandika papo hapo:

*Ndoa ni jahazi moja, nyinyi wawili matanga.*

Hesabuni. Ndo-a ni ja-ha-zi mo-ja: mizani nane katika ukwapi. Nyi-nyi wa-wi-li ma-ta-nga: nane nyingine katika utao. Mshororo ulikuwa umetimia, nami nikasogea nikijipongeza. Somo wa bibi harusi, mama wa makamo aliyesimama nyuma yangu, akausoma kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza: “Mwanangu, leo harusi. Matanga yanatoka wapi?”

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Tanga la chombo, likiwa katika wingi, ni matanga. Na matanga ndiyo yanayokaliwa nyumba inapofiwa. Baharini neno hilo halina ubaya wowote, kwa sababu mlingoti, upepo na nahodha wako karibu nalo kulifafanua. Lakini nilikuwa nimeliweka peke yake, tena mwishoni mwa mstari, mahali ambapo sikio hutua na kubaki. Macho ya msomaji yangesahau jahazi na kukaa na msiba.

Hoja yangu basi ni hii: katika kitabu cha harusi, mizani ni sharti la mwisho, si la kwanza. Shairi refu likiteleza ubeti mmoja, beti zinazofuata hulitengeneza. Mstari mmoja hauna wa kuuokoa. Kila neno lake husomwa kwa maana zake zote, na husomwa tena baada ya miaka, wakati mwandishi hayupo kueleza kwamba alikusudia hili na si lile.

Nikauomba ukurasa uleule. Nikaupiga mstari wa kwanza wino, nikageuza kadi yangu ya mwaliko na kutunga nyuma yake kwanza, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Tanga sikuliacha, ila nililirudisha kwenye umoja na kulipa kitenzi chake cha ubaharia, kutweka, ili lisiweze kwenda kwingine. Kisha nikawapa maarusi kazi badala ya kuwalinganisha na vitu:

*Mmoja atweke tanga, na mwenzake usukani,*
*Upepo ukiwapinga, hamtaikosa pwani.*

Ni tathnia: mishororo miwili, vina vya kati -nga, vya mwisho -ni, mizani kumi na sita kila mshororo. Somo akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema: “Haya, sasa chombo kimeondoka.”

Lakini nakiri kwamba huo haukuwa mstari bora wa kitabu kile. Nilipofunua kurasa za nyuma nilikuta “nawatakia maisha mema” nyingi. Sizibezi, kwani ni dua. Ila ukiondoa saini huwezi kujua nani kamwombea nani. Katikati yake, kwa mwandiko wa kulazimisha, jirani mmoja alikuwa ameandika:

*Mlango wetu ni wenu.*

M-la-ngo we-tu ni we-nu. Mizani nane, kipande kamili, na sidhani kama mwenyewe alihesabu. Mstari ule usingeweza kuandikwa na mgeni aliyetoka mbali, wala na mimi. Uliandikwa na mtu mwenye mlango, na tangu usiku ule unamdai: siku watakapobisha, itampasa kufungua.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi na wasiotunga, huwaambia waache mishororo ya mizani kumi na sita na washike kipande kimoja cha nane. Kinatosha kwenye ukurasa na hakimlazimishi mtu kujaza maneno kama “yenye furaha na amani” ili tu atimize hesabu. Wazee walioishi pamoja muda mrefu wanaweza kuandika walichojifunza: *Kosa lisilale ndani.* Jirani aandike mlango wake. Kisha kila mmoja amsomee aliye karibu naye kabla wino haujagusa karatasi, kwani sikio la pili husikia matanga pale la kwanza lilipoona jahazi.

Mstari wangu uliokatwa ungali kitabuni mle. Nasikia maarusi huwaonyesha wageni, wakacheka. Afadhali wacheke wao.