Walimu wa Karatu, Tuupige Picha Ukungu

Walimu na wazazi wa Karatu, nina ombi. Watoto wetu wanajua kuimba kwamba miti huleta mvua. Muulize mmoja huiletaje, atakutazama tu. Na jibu analo dirishani: ule msitu unaopanda kutoka mashamba ya Rhotia na Oldeani hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Basi tutengeneze video fupi ya shule zetu, kwa simu na chaki. Maneno nimeyaandika, rekebisheni mnavyoona.

Picha ya kwanza ni ubao. Kulia chora mawimbi, Bahari ya Hindi. Kushoto chora mlima, na mshale utoke baharini uupande. Sauti iseme:

"Maji mengi ya mvua yetu hutoka baharini. Upepo huyabeba yakiwa mvuke usioonekana kwa macho. Ukifika kwetu hukuta mlima, hauna budi kupanda. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya bahari, ukingo wa kreta kama mita 2,300. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Bonyeza valvu ya tairi la baiskeli uone hewa inavyotoka ya baridi. Mvuke ukipoa hugeuka matone madogo mno. Hayo ndiyo mawingu, na ukiwa ndani yake unayaita ukungu."

Halafu mshale uvuke mlima ushuke Olduvai, na hapo mwalimu aufanye mwembamba. Hewa imeshaacha maji yake upande wetu, na ikishuka hupata joto; ndiyo maana kule ni nyika kavu. Watoto waambiwe kweli: kinachoipandisha hewa ni mlima. Ukiwaficha hilo, siku wakilijua hawatakuamini tena kwenye habari ya miti.

Kazi ya msitu inaanzia picha ya pili, na hapa msiharakishe. Matone ya ukungu ni mepesi hata huanguka polepole mno. Hupita na upepo mpaka yaguse kitu. Mchungaji anayetoka alfajiri hurudi na nyusi zimelowa na shuka limelowa, ilhali mvua haikunyesha. Mti nao hulowa hivyo hivyo, kwa maelfu ya majani na kwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Matone huungana, huwa mazito, hudondoka. Mlima ulio wazi hauna cha kuyanasa mengi kiasi hicho.

Ili waone, shule zilizo karibu na msitu zitundike chandarua kikuukuu kati ya nguzo mbili, kikielekea upepo, na chini yake bati lililokunjwa kama mfereji likiishia kwenye ndoo. Kando yake wekeni ndoo nyingine, wazi, isiyo na chandarua. Ikiwa ndoo iliyo wazi nayo imepata maji, basi usiku ilinyesha; rudieni siku nyingine. Maji hayo yasinywewe, maana vyandarua vingi vina dawa. Na kazi yote ifanyike uwanjani. Msituni ni hifadhi, na kuna nyati.

Picha ya tatu ni tawi. Asubuhi ya jua, livisheni karatasi ya nailoni angavu, kama ile ya kufungia mkate (mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiaga Juni 2019), mlikaze kwa uzi. Tawi kavu nalo livisheni vivyo hivyo. Kufikia mchana la majani litakuwa na matone ndani, kama mfuniko wa sufuria. Yasipoonekana, angalieni kama uzi umelegea au tawi liko kivulini. Sauti iseme: "Mizizi huchota maji chini, majani huyarudisha hewani, na upepo huyapeleka mbele yanyeshe tena." Yanyeshe wapi? Pengine wilaya nyingine kabisa. Kwa hiyo miche thelathini ya uwanjani haitaleta mvua ya Jumamosi, na mtoto asiahidiwe hivyo.

Ya mwisho ipigwe Mto wa Mbu, kwenye lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara. Pale msitu ni mbichi hata kiangazi, kwa sababu maji yaliyozama huku juu hupita chini ya miamba na kububujika chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Udongo wa msituni, wenye majani yaliyooza na matundu ya mizizi, huyanywa kama sifongo. Udongo uliokanyagwa huyaachia yakimbie, nayo huondoka na shamba.

Ukungu mzito huja kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Basi kabla ya likizo ya Juni kila shule ichague mwalimu mmoja mwenye simu nzuri, tafuteni na chandarua. Asubuhi ya kwanza ya ukungu, saa kumi na mbili, awe uwanjani.