Ahadi ya Fundi Cherehani ni Deni

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba hivi, barabara za Mtwara mjini hujaa watu wenye vitambaa mikononi. Wakulima wa Mahurunga, Kitaya na Msimbati hulipwa baada ya mnada, na fedha hiyo hutafuta gauni la Krismasi, sare ya harusi na sare za shule za Januari. Fundi cherehani hupata wateja wengi kwa majuma machache. Hoja yetu ni kwamba katika majuma hayohayo ndipo wengi wao huwapoteza.

Tuchukue mfano. Fundi mmoja mwenye cherehani moja anamaliza magauni 2 kwa siku. Tangu tarehe 1 Desemba hadi Krismasi ana siku 20 za kazi, yaani magauni 40. Akitenga siku 4 kwa ajili ya ugonjwa, misiba, cherehani kuharibika na kurekebisha nguo zisizokaa vema mwilini, anabaki na magauni 32. Hicho ndicho kiasi anachoweza kuahidi kwa haki. Akipokea 50, watu 18 watasherehekea bila nguo zao, na kila mmoja atawasimulia jirani, shemeji na wenzake wa jumuiya. Sifa ya fundi husafiri kwa mdomo, na lawama husafiri kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini basi apokee 50? Sababu ni arubuni. Fedha ya kutangulizwa hutumika kwa chakula na karo kabla zipu, uzi na bitana havijanunuliwa. Ndipo inabidi kumpokea mteja mpya ili kununua vifaa vya mteja wa zamani. Wengine hukata vitambaa vyote siku ya kwanza, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa mwenyewe hawezi kukipeleka kwa fundi mwingine. Msomaji anaweza kuitambua hali hii mapema: akiona mifuko mingi ya vitambaa vilivyokatwa na nguo chache zilizoshonwa, ajue kwamba tarehe aliyopewa haina msingi.

Fundi aliye makini huweka daftari. Katika kila ukurasa huandika jina, namba ya simu, vipimo vya bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, arubuni iliyolipwa na siku ya kuchukua. Daftari hilo ni mtaji. Mama wa Msimbati aliyepimwa mwaka jana anaweza kupiga simu, akatuma kitambaa kwa gari la abiria na kulipa kwa simu, bila kupoteza siku nzima na nauli. Vipimo vya mtoto, hata hivyo, havifai kuaminiwa baada ya miezi michache. Huyo apimwe upya. Namba nazo zisihifadhiwe ndani ya simu peke yake. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, mwenye daftari aliweza kuwatafuta wateja wake kwa laini mpya. Asiye nalo alingoja wamtafute wao.

Tena, wateja wasiwe wa aina moja. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa hadi mwaka 2019 wakisubiri malipo. Fundi aliyetegemea wakulima pekee alisubiri pamoja nao. Mwenye walimu na wauguzi wanaolipwa mwisho wa mwezi, na wavuvi wanaopata kidogo kidogo, alikuwa na pa kuegemea. Fundi magari na mama wa chakula cha sherehe nao wanaijua hali hii.

Lakini haki ina pande mbili. Sare za kwaya au za WAWATA zikikaa vema, Jumapili moja huonyesha kazi ya fundi kwa parokia nzima. Hata hivyo baadhi ya vikundi vyetu huvaa sare siku ya sherehe na kulipa baada ya miezi mitatu, huku fundi akidaiwa uzi dukani na kijana wake wa kazi akikosa ujira. Kumwambia kwamba atapata sifa hakumlipi kijana huyo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi wakubaliane na fundi kwa maandishi: nusu ya malipo kitambaa kinapopelekwa, iliyobaki nguo zinapojaribiwa, na mtu mmoja anayejulikana awe mkusanyaji wa fedha. Mafundi nao waseme wazi, “Nafasi zimekwisha, njoo Januari.” Mteja aliyeambiwa hivyo kwa ukweli atarudi. Aliyedanganywa hadi mkesha wa Krismasi hatarudi, wala ndugu zake.