SAFU: KUTOKA KIRUMBA
Mstaafu, huo mkataba wa ushauri ni wa ushauri kweli?

Na Masanja Lubango

Rafiki yangu mmoja, bwana samaki wa zamani wa halmashauri, alistaafu kwa lazima mwishoni mwa mwaka 2024 akiwa na miaka 60. Hakukaa hata miezi mitatu. Shirika moja lisilo la kiserikali hapa Mwanza lilimfuata likitaka mtu anayeijua mialo yote kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, anayewajua wenyeviti wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi kwa majina, na asiyehitaji kufundishwa tofauti ya nyavu za sangara na za dagaa. Mtu wa namna hiyo haokotwi barabarani. Wakampa mkataba wa miezi sita, shilingi milioni 3 kwa mwezi, juu umeandikwa kwa herufi kubwa: MKATABA WA USHAURI.

Akaniletea niusome. Hofu yake ilikuwa moja tu, ile ile ninayoisikia kwa wastaafu wengi hapa mjini: “Wakijua napata hela nyingine, si watanikatia pensheni?”

Tuanze na hiyo pensheni, kwa sababu ukishajua inavyopatikana, nusu ya hofu inaondoka. Rafiki yangu alitumikia miaka 33, yaani miezi 396. Wastani wa mshahara wake wa mwaka, kwa ile miaka mitatu bora, ulikuwa shilingi milioni 24. Kikokotoo kinachukua miezi hiyo, kinazidisha kwa mshahara huo wa mwaka, kisha kinagawa kwa 580. Jibu ni shilingi 16,386,207 kwa mwaka, na hiyo ndiyo pensheni kamili kabla ya kumegwa. Yeye alikuwa LAPF kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF Agosti 2018, kwa hiyo yumo katika kundi ambalo bajeti ya 2024/25 ililipandishia mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40. Asilimia 40 ile huzidishwa kwa 12.5, naye akapokea kama shilingi milioni 81.9 kwa mara moja. Asilimia 60 iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12, ndiyo hiyo shilingi 819,310 inayoingia benki kila mwezi.

Sasa angalia kilichomo ndani ya hesabu ile: miezi aliyotumikia na mshahara aliolipwa akiwa mtumishi. Vyote viwili vilifungwa siku alipokabidhi ofisi. Ada ya ushauri haina pa kuingilia. Haiongezi miezi, haipandishi wastani, na kwa mshauri wa kweli haina la kupunguza, maana hajaajiriwa na mtu; anauza huduma kama fundi anavyouza madirisha.

Kinachosimamisha pensheni, na wastaafu hawapendi kukisikia, ni uhakiki. Mfuko unataka kujua kwamba uko hai, na siku hizi jambo hilo linafanyika hata kwa simu janja. Mstaafu aliyeko kisiwani wiki mbili akihesabu mitumbwi, simu haina chaji wala mtandao, anapitisha muda wa uhakiki. Mwezi unaofuata akaunti haisomi kitu, naye anarudi mjini akiapa kwamba kuna mtu amemchongea kwa sababu ya kazi mpya. Mara nyingi hakuna aliyemchongea.

Hali ni nyingine kabisa kama anayekurudisha kazini ni Serikali yenyewe. Aliyefikisha umri wa kustaafu kwa lazima habaki katika utumishi wa umma kwa hiari ya mkuu wake wa idara. Panatakiwa kibali, na kazi inakuwa ya mkataba. Huyo si mshauri hata kama watu wanamwita hivyo kwenye korido. Akipewa barua ya namna hiyo, ushauri wangu ni kupeleka nakala PSSSF kabla ya kuweka saini, na kuomba jibu la maandishi kwa maswali mawili: pensheni yangu itaendelea wakati wa mkataba huu? Na katika mshahara huu mpya, nani anachangia, wapi? Jibu la mdomo la dirishani lisikutoshe. Ofisa aliyelitoa anaweza kuhamishiwa Mtwara kabla mkataba wako haujaisha.

Lakini rafiki yangu hakurudishwa serikalini. Tatizo lake lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa mkataba wake. Pale paliandikwa kwamba “mshauri” atafika ofisini Nyakato saa mbili asubuhi, ataondoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na atasaini daftari la mahudhurio. Atatumia kompyuta ya shirika, boti ya shirika, na atavaa fulana ya shirika akiwa mialoni. Hatafanya kazi kwa mtu mwingine bila ruhusa. Atapewa maelekezo ya kila wiki na meneja wa mradi, kijana ambaye, nikamwona kwa macho yangu, anamwamkia “Shikamoo mzee” kwa heshima zote, kisha anamwuliza kwa nini amechelewa dakika kumi.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, iliwaza habari ya mtu kama huyu. Inasema anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, kikiwapo hata kimoja kati ya vigezo saba. Je, anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zake za kazi zinasimamiwa? Ni sehemu ya taasisi? Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea kiuchumi? Anapewa vifaa? Anamtumikia mmoja tu? Rafiki yangu ana pensheni, kwa hiyo la kumtegemea mtu kiuchumi linaweza kubishaniwa. Yale mengine sita yapo, tena kwa maandishi na muhuri. Zile saa 45 za mwezi angezimaliza wiki ya pili.

Hapo ndipo michango inapoingia. Mwajiriwa wa shirika binafsi mlango wake ni NSSF, hata kama kabla ya hapo alikuwa PSSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa milioni 3 ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na angalau 300,000 zinatoka mfukoni mwa mwajiri. Neno “ushauri” linaliokolea shirika shilingi 1,800,000 katika miezi sita. Ukitaka kujua kwa nini wastaafu wa Mwanza wamekuwa washauri wengi kiasi hiki, anzia hapo.

Atakayenijibu kwamba mzee wa miaka 60 hana haja ya NSSF ana hoja, ila ni nusu ya hoja. Ni kweli pensheni ya pili hataiona: inahitaji miezi 180 ya kuchangia, naye akianza leo atafikisha akiwa na miaka 75. Fedha yake ingerudi kwa mkupuo, si kwa mwezi. Lakini 300,000 ya mwajiri kila mwezi bado ni fedha, na shirika likikuambia haina maana, mwambie basi liiongeze kwenye ada. Sijasikia lililokubali kwa mara ya kwanza.

Kuna jingine ambalo kwangu mimi ni zito kuliko NSSF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamlinda mwajiriwa aliyeumia au kufa kazini, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake: nusu asilimia ya mshahara. Kwa rafiki yangu ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mshauri hamo. Kazi yake ni kuvuka maji kwenda Ukerewe na Ukara, katika ziwa ambalo MV Bukoba ilizama Mei 1996 na MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018 karibu kabisa na gati ya Ukara. Boti ikimpindukia akiwa na cheo cha “mshauri”, mjane wake hana mahali pa kupeleka madai isipokuwa kwenye huruma ya shirika.

Namna ya kutambua walivyokuweka ni rahisi. Tazama hati ya malipo. Wakikukata PAYE, wamekiri kwamba wewe ni mfanyakazi, na hapo uliza namba ya NSSF iko wapi. Wakikukata asilimia 5 ya zuio, wamekuweka kama mtoa huduma. Na hii asilimia 5 imewaponza wengi, kwa sababu wanadhani kodi imeishia hapo.

Chukua huyo huyo rafiki yangu, tuseme ni mshauri wa kweli anayekodi boti mwenyewe. Amelipwa milioni 18, ametumia milioni 4.2 kwa boti, mafuta na vijana wa kuhesabu, na risiti zote anazo. Faida yake ni milioni 13.8. Tukiyahesabu mapato ya ushauri peke yake kwa viwango vya mtu binafsi, kodi ya mwaka inafika shilingi 2,076,000. Shirika limeshazuia 900,000. Zinabaki 1,176,000, nazo TRA itamtafuta yeye, halitatafutwa shirika. Asiyetunza risiti za boti ana hali mbaya zaidi, kwa kuwa hiyo milioni 4.2 itahesabiwa kuwa faida. Nahodha wa Kirumba hatoi risiti usipoiomba, na ukiiomba anakutazama kama mgeni.

Kwa hiyo mstaafu ana njia mbili halali. Ya kwanza ni kuwa mwajiriwa wa mkataba, akatwe PAYE, achangiwe NSSF na WCF, na avumilie kuulizwa na vijana kuhusu dakika kumi. Ya pili ni kuwa mshauri hasa: analipwa kwa ripoti anazokabidhi na si kwa siku alizokaa kitini, anatumia vifaa vyake, ana wateja zaidi ya mmoja, na katika ada yake amekwishaweka kodi, akiba na bima ya ajali. Binafsi, kwa mwenye pensheni ya 819,310 na afya nzuri, ningechagua ya pili. Njia ya tatu, ya kufanya kazi kama mwajiriwa na kulipwa kama mshauri, ndiyo inayopendwa hapa mjini, na wakaguzi wa NSSF na WCF wangeifuta kwa kupita kwenye ofisi chache za Nyakato na Capri Point wakiomba kuonyeshwa madaftari ya mahudhurio. Mstaafu aliyechoka kunyamaza anaweza kwenda CMA, lakini wazee wengi wanaona aibu kumshitaki kijana anayewaamkia.

Rafiki yangu hakwenda kokote. Alirudi na mkataba wake na kalamu nyekundu. Alifuta saa za kazi, daftari na sharti la kutofanyia kazi wengine, akapandisha ada hadi milioni 3.5, akaongeza kifungu cha bima ya ajali majini. Shirika limekubali bima na milioni 3.3. Daftari la mahudhurio limekataa kuliondoa, na mzee bado hajasaini.