Kabla Hujamwambia Dada Aamke Mapema

Kwenu wenye nyumba za Milimani na Kibomet kule Kitale, na kwenu wa Kanduyi na mitaa ya Bungoma mjini: mkitaka kumbadilishia dada wa kazi saa au majukumu, tafadhali msimwambie mlangoni mkitoka. Wengi tunafanya hivyo. Mkoba uko begani, bodaboda inanguruma nje, na maneno ni machache: "Dada, kuanzia wiki ijayo utakuwa unaamka mapema kidogo, na kukhu akija utakuwa unamwangalia." Dada anajibu, "Sawa, mama." Mwenye nyumba anapanda pikipiki akiamini kwamba wamepatana.

Hawajapatana. Mapema kidogo ni saa ngapi? Kumwangalia kukhu ni kumpelekea uji, au ni kumwogesha, kumgeuza kitandani na kuamka akiita usiku? Na hizo kazi mpya zinaongezwa juu ya zile za zamani, au kuna inayoondoka? Dada hataki kuuliza, kwa sababu anayeuliza huonekana mvivu, na analala kwenye nyumba hiyo hiyo ya anayemwajiri. Ile "sawa" yake ni adabu tu. Mwezi mmoja baadaye utaanza kusikia milango ikifungwa kwa nguvu na uji ukiungua, au utarudi jioni ukute mkoba wake haupo.

Tuchukue nyumba moja ya mfano huko Milimani. Dada anatoka upande wa Kimilili na analala hapo kazini. Jumatatu hadi Ijumaa anaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, akipata nusu saa ya chai katikati. Anapumzika hadi saa kumi, kisha anafanya tena hadi saa moja jioni. Hiyo ni kazi ya saa tisa kwa siku. Jumamosi ni saa saba, Jumapili ni ya kwake. Jumla kwa wiki ni saa 52, na si kwa bahati: ndicho kiwango cha kawaida cha wiki katika agizo la jumla la mishahara la Kenya, saa 52 kwa siku sita. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inadai angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Sasa mtoto anahamia shule ya mbali, na basi lake linapita saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Dada atalazimika kuanza saa kumi na moja ili chai iive na mtoto aoge. Kwa mwenye nyumba hilo ni jambo dogo, kwani ni saa moja na nusu tu. Lakini izidishe kwa siku tano. Wiki imefika saa 59 na nusu, na zile saba na nusu zilizozidi hazimo katika mshahara. Hapo kukhu hajafika bado.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita dada, ninyi wenye nyumba kaeni kwanza mfanye hesabu hii, kisha mchague. Njia ya kwanza ni kupunguza kwingine. Akianza saa kumi na moja alfajiri, kazi ya jioni iishe saa kumi na moja na nusu badala ya saa moja. Atapika kile cha usiku mapema na kukiacha kwenye hotipoti, na kupakua na kuosha vyombo kutakuwa kazi yenu. Wiki itarudi saa 52 kamili. Njia ya pili ni kulipa ziada. Agizo lile lile linahesabu saa moja ya kawaida kuwa mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 225, na saa ya ziada katika siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu. Tuseme mshahara ni shilingi 18,000, nimeuchagua kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Saa moja ni shilingi 80, ya ziada ni 120, na saa saba na nusu ni shilingi 900 kwa wiki. Katika wiki nne ni 3,600. Wengi wakiiona hiyo hesabu hugundua ghafla kwamba wanaweza kujipakulia ugali wenyewe.

Mambo mawili yanayosahaulika yaangalieni mapema. Kwanza, mapumziko ya mchana. Kama dada anatakiwa kumsikiliza kukhu kati ya saa saba na saa kumi, hizo ni saa za kazi hata akiwa amekaa, na zihesabiwe. Pili, usiku. Ikiwa kukhu anaita saa nane za usiku, amueni nani anaamka. Mtu anayeamshwa usiku hawezi kuanza saa kumi na moja kila siku akabaki na uso wa bashasha, na katika nyumba yenye watu wazima watatu sioni kwa nini jukumu hilo liwe lake peke yake. Kama dada wako ni wa kuja na kurudi, wale wanaotoka vijijini pembeni ya Bungoma mjini, ongezeni jambo la tatu: saa kumi alfajiri bodaboda ni chache, zina bei yake, na njia ni giza. Nauli hiyo na usalama wake viwe sehemu ya mazungumzo.

Mkishakubaliana wenyewe kwa wenyewe, mwite. Chagua Jumamosi baada ya kazi kuisha. Siku aliyovunja sahani haifai, wala mbele ya wageni, wala kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Mpe kiti. Baba na mama wote wawepo ikiwezekana, maana mambo mengi huharibika pale mama anaposema hili, baba analiongeza lile, na kukhu naye ana amri zake za jikoni. Kisha useme wazi, kwa mpangilio huu: ni nini kinabadilika, kwa nini, kuanzia lini, nini kinaondoka, na malipo yanakuwaje. Mathalani:

"Dada, tumekuita kwa sababu mtoto anabadilisha shule. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 4, tungependa uanze saa kumi na moja alfajiri badala ya kumi na mbili na nusu. Jioni utamaliza saa kumi na moja na nusu, na vyombo vya usiku tutaviosha sisi. Kukhu anakuja mwisho wa mwezi. Kazi yako kwake itakuwa uji wa asubuhi, chakula cha mchana na kufua nguo zake. Kumwogesha na kumwinua si kazi yako, nitafanya mimi. Mablanketi na mapazia hutafua tena, tutamwita mama fua kila Jumamosi ya pili. Mshahara unabaki vile ulivyo kwa sababu saa hazijaongezeka. Wewe unaonaje? Kuna mahali patakapokubana?"

Hapo nyamaza. Usijaze kimya kwa maelezo zaidi. Akichelewa kujibu, mwambie afikirie hadi kesho jioni. Mtu aliyezoea kupokea amri huhitaji usiku mmoja ili kupata ujasiri wa kusema kwamba saa kumi na moja na nusu jioni ndiyo saa anayompigia mwanawe simu huko nyumbani. Ni afadhali uyajue hayo sasa.

Usimalize kwa kuuliza, "Umeelewa?" Jibu utakalopata unalijua. Mwombe akusimulie: "Hebu niambie Jumatatu itakuwaje, tangu ukiamka." Akisema ataosha vyombo vya usiku, utajua hapo hapo kwamba hukueleweka, na unaweza kurudia bila mtu kuaibika.

Halafu andikeni. Sheria ya Ajira, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya mkataba ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Nusu ukurasa wa daftari unatosha: tarehe, saa, kazi zilizoingia, kazi zilizotoka, mshahara, siku ya mapumziko, na sahihi za wote. Saa ziandikwe kwa maneno, "saa kumi na moja alfajiri", kwa sababu ukiandika 5:00 mwingine ataisoma saa tano. Asiyejua kusoma anaweza kuweka alama ya dole gumba, lakini sheria inataka asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Katika nyumba zetu hiyo huenda ikawa Lubukusu, na msitafute mkalimani ikiwa kukhu yuko sebuleni. Toeni nakala mbili, moja ibaki mkononi mwa dada.

Siku ya ofu iandikwe kwa mipaka yake pia. "Jumapili" peke yake haitoshi. Anaondoka Jumamosi saa ngapi, na anatarajiwa lini? Matatu ya kwenda Kamukuywa haiondoki hadi ijae, na huko anabadilisha gari la Kimilili. Akitakiwa kurudi Jumapili jioni, atakaa na watu wake saa chache tu. Kama alfajiri ya Jumatatu mnaweza kumwandaa mtoto wenyewe, mruhusuni arudi Jumatatu saa tatu, na saa zilizopungua mzihesabu vilevile.

Wekeni wiki mbili za majaribio na tarehe ya kukaa tena. Mpango wa karatasi unaweza kushindwa na basi la shule linalochelewa au na kukhu anayekataa uji wa mtu yeyote isipokuwa binti yake.

Na akisema hapana? Ana haki. Mliombana, hamkuamriana. Tafuteni njia ya kati, na ikikosekana, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, naye pia akitaka kuondoka atoe hiyo hiyo. Kumwongezea kazi kimyakimya hadi achoke aondoke mwenyewe ni kumfukuza kwa mlango wa nyuma. Anayeona ameonewa anaweza kwenda ofisi ya kazi ya kaunti, au kwa KUDHEIHA, chama kinachowatetea wafanyakazi wa nyumbani.

Jambo la mwisho ni la kalenda yetu. Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2024 na 2026. Kama mwaka wa tohara uko karibu na dada ana kaka au mpwa atakayeingia, muulize sasa, mkipanga hizi saa mpya, atahitaji siku ngapi. Sheria inampa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi kumi na miwili, kwa hiyo siku hizo zinaweza kutoka humo. Ziandikeni kwenye ile ile nusu karatasi, pamoja na jina la atakayemwandaa mtoto wiki hiyo.